Ujumbe kwa Akinyi kuhusu shiti ya mishahara

Huu ndio niliokuwa nimeuandika asubuhi, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kutuma:

"Shiti ya mishahara iko na makosa. PAYE haitoki sawa. Rekebisha leo."

Nimeufuta. Akinyi ndiye aliyeijenga shiti hiyo, na angeusoma kama mashtaka. Isitoshe, asingejua aanzie wapi kati ya mistari 28. Huu ndio niliomtumia:

Habari ya asubuhi dada Akinyi? Najua jana ulitoka ofisini usiku kwa ajili ya wakaguzi, kwa hivyo pole kwa kukuamkia na kazi. Naomba dakika kama kumi na tano zako kabla ya saa sita, kwa sababu faili ya mishahara inaenda benki saa nane.

Shida iko kwenye mistari ya wafanyakazi wawili wapya, 27 na 28. Mistari mingine yote nimeipitia na iko sawa. Mfano ni mstari wa 27, mshahara wa 60,000. NSSF ni 3,600, SHIF ni 1,650 na ya nyumba ni 900. Nikipiga hesabu kwa mkono, pato la kutozwa kodi ni 53,850 na PAYE, baada ya ile nafuu ya 2,400, ni 8,538.35. Shiti inanipa 9,303.35. Tofauti ni 765 kamili, yaani asilimia 30 ya SHIF na ya nyumba zikijumlishwa. Nadhani hizo mbili hazijatolewa kabla ya kodi. Safu ya G iko hivi:

```
G26  =C26-D26-E26-F26
G27  =C27-D27
```

Ningerekebisha mwenyewe, lakini safu hiyo umeifunga kwa nywila, na sitaki kugusa kazi yako bila kukuuliza. Huenda pia uliiacha hivyo kwa sababu ambayo mimi siijui. Kama ipo, niambie tu. Kama haipo, naomba uifungue, uivute fomula ya G26 hadi G28, kisha uniandikie hapa "tayari". Kulinganisha jumla na P10 nitafanya mimi.

Hao wawili huu ndio mshahara wao wa kwanza hapa, na 765 kwa mtu anayepanda matatu mbili kutoka Kayole kila asubuhi si pesa kidogo. Tukiiacha hivi, kosa litaingia pia kwenye P10 tunayopeleka KRA kufikia tarehe 9, na kulirudisha nyuma ni kazi ndefu kuliko kulizuia sasa.

Ukibanwa na wakaguzi, niambie mapema nimwombe bosi asogeze benki hadi kesho asubuhi. Asante sana, dada.