Sera ya Usalama kwa Wanaofanyia Kazi Nyumbani kwa Simu Zao Wenyewe

Sera hii inamhusu kila anayefanya kazi na kampuni yetu: waajiriwa 14, vibarua wa msimu wa kufunga hesabu, na wenye kampuni pia. Kazi yetu ni kutunza vitabu vya hesabu na kuandaa mishahara ya wafanyakazi wa wateja wetu. Kwa hiyo simu iliyo mfukoni mwako ni mlango wa kufikia majina, akaunti za benki na mishahara ya watu ambao hawakujui wala hawajawahi kuulizwa kama wanakuamini.

Tunaiandika kwa sababu ya jambo lililotupata mwaka uliopita. Mwenzetu alipoteza simu safarini, akakaa siku tatu bila kusema. Alitumaini itapatikana, na aliogopa lawama. Simu haikuwa na nywila ya skrini na barua pepe ya kazi ilikuwa wazi. Tulipopata habari tulikesha tukibadilisha nywila, asubuhi tukawapigia wateja tisa kuwaeleza. Hatukuona dalili ya mtu kuingia, lakini hatukuwa na kumbukumbu za kutuhakikishia kwamba hakuna aliyeingia. Kosa kubwa lilikuwa letu sisi wasimamizi: hatukuwahi kumwambia ampigie nani, wala kumhakikishia kwamba akisema hatafukuzwa. Sehemu ya 6 inalirekebisha hilo, na ndiyo tunayoomba uisome mara mbili.

1. Simu ni yako, taarifa ni za mteja

Unaruhusiwa kutumia simu yako kwa kazi baada ya msimamizi wa mifumo kukuwekea wasifu wa kazi. Huo ni upande uliotengwa ndani ya simu, ambamo barua pepe, kalenda na mafaili ya kampuni hukaa peke yake. Wenye iPhone watasajiliwa kwa utaratibu wa Apple wa simu binafsi, unaotenganisha mambo vivyo hivyo. Kampuni inaweza kufuta upande wa kazi ikiwa mbali. Haisomi ujumbe wako, haioni picha zako, haifuatilii ulipo, na haitafuta vitu vyako. Msimamizi akikuomba ruhusa inayozidi hapo, kataa na umjulishe meneja.

Simu lazima iwe bado inapokea masasisho ya usalama kutoka kwa aliyeitengeneza. Sasisho likitoka, liweke ndani ya siku 7. Skrini ifungwe kwa PIN ya tarakimu sita au zaidi, na ijifunge yenyewe baada ya dakika mbili. Alama ya kidole au uso ni ruksa juu ya hiyo PIN. Programu zitoke kwenye duka rasmi la simu tu. Simu iliyovunjwa ulinzi wake wa kiwandani haitasajiliwa, hata kama mwenyewe ni fundi hodari.

Weka pia PIN kwenye laini. Mwizi asiyeweza kufungua skrini huchomoa laini, akaiweka kwenye simu nyingine na kupokea jumbe zako za uthibitisho. Kisha piga `*#06#`, uandike nambari ya IMEI, inayoitambulisha simu yako, mahali pasipo kwenye simu hiyo hiyo.

Simu yako ikizeeka isipate masasisho tena, hatutakulazimisha kununua nyingine kwa ajili yetu. Utapewa simu ya kampuni. Ukimpa mtoto au mgeni simu yako, zima kwanza wasifu wa kazi.

2. Nywila

Kila akaunti ya kazi iwe na nywila yake, isiyotumika mahali pengine popote. Hakuna binadamu anayeweza kukumbuka nywila 30 za namna hiyo, kwa hiyo kampuni inamlipia kila mmoja programu ya kutunza nywila. Unakumbuka moja tu, ya kuifungulia: iwe na herufi 14 au zaidi, na maneno manne au matano yasiyohusiana yanatosha. Usiiandike kwenye daftari la simu wala kwenye meseji.

Hatutawalazimisha kubadilisha nywila kila mwezi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kushauri hivyo mwaka 2017, na sababu yake tumeiona humu ndani: mtu akilazimishwa hubadilisha tarakimu ya mwisho tu. Nywila inabadilishwa pale panapokuwa na dalili kwamba imejulikana, na hapo ni saa ile ile.

Hatua ya pili ya uthibitisho ni lazima kwenye barua pepe, hifadhi ya mafaili, mfumo wa hesabu na benki. Tumia programu inayotoa tarakimu zinazobadilika kila sekunde 30, wala si meseji, isipokuwa mfumo hauna njia nyingine. Laini inaweza kuhamishwa na tapeli anayejifanya wewe kwa kampuni ya simu, na meseji zote zikamfuata yeye. Simu ikikuuliza kama unakubali kuingia wakati hujaingia popote, kataa, kisha toa taarifa: maana yake kuna mtu ambaye tayari ana nywila yako. Hakuna mtu wa kampuni hii, hata mkurugenzi, atakayekuomba tarakimu hizo.

3. Mtandao wa nyumbani

Ruta nyingi hufungwa na fundi na haziguswi tena mpaka ziungue. Kabla hujaanza kazi za mbali utatenga muda na msimamizi wa mifumo, kwa simu ya video, muiangalie pamoja. Ili kujua anwani ya ruta kwenye Windows, andika:

```
ipconfig
```

Anwani iliyo mbele ya `Default Gateway`, mara nyingi `192.168.1.1` au `192.168.0.1`, ndiyo ya kufungua kwenye kivinjari. Kwenye Mac amri ni hii:

```
route -n get default
```

Mkishaingia, mbadilishe kwanza nywila ya msimamizi wa ruta, ile iliyoandikwa kwenye kibandiko chini yake au `admin` ya kiwandani. Watu wengi hubadilisha nywila ya waifai wakadhani wamemaliza, ilhali hizo ni mbili tofauti. Anayeshika ya msimamizi anaweza kukuelekeza kwenye tovuti bandia ukiwa umeandika anwani sahihi kabisa. Kisha chagueni ulinzi wa waifai wa WPA3, au WPA2 yenye AES kama ruta haina WPA3. WEP na WPA ya kwanza hazikubaliki. Mzime WPS, njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au PIN bila nywila ya waifai, na mzime uwezo wa kuisimamia ruta kutoka nje ya nyumba. Mwisho msasishe programu ya ruta yenyewe. Kama mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho, kampuni itanunua nyingine.

Kama ruta ina mtandao wa wageni, runinga, kamera na simu za wageni ziende huko. Vitu hivyo husahaulika kusasishwa, na havina sababu ya kukaa chumba kimoja na mishahara ya watu.

Wapo kati yetu wanaoishi nyumba za kupanga zenye ruta ya mwenye nyumba, inayotumiwa na kila mpangaji. Hao hawana amri juu yake, na hatuwezi kuwadai wasichonacho. Watatumia VPN ya kampuni, yaani njia iliyosimbwa fiche ndani ya mtandao, muda wote wa kazi, au data ya simu yao kwa hotspoti yenye nywila. Kanuni ni hiyo hiyo hotelini, uwanja wa ndege na mkahawani. VPN hulinda njia tu: simu ikiwa tayari na programu hasidi, VPN itaibeba pamoja na kazi yako.

4. Mafaili na mazungumzo

Faili la mteja linakaa kwenye hifadhi ya kampuni, basi. Halitumwi kwenye barua pepe binafsi ili “nilimalizie usiku”, haliwekwi kwenye flashi, halipigwi picha. WhatsApp ni ruksa kwa kupanga muda na kuulizana nani anashika zamu. Haitumiki kutuma orodha ya mishahara, kitambulisho wala taarifa ya benki. Picha ikiingia huko huweza kujihifadhi kwenye albamu ya kila aliye kwenye kundi, ikapanda kwenye wingu binafsi la kila mmoja, na hapo ni maji yaliyomwagika. Mteja akituma mwenyewe kwa njia hiyo, lihamishie faili kwenye hifadhi, futa ujumbe, na umtumie kiungo chetu cha kupakia.

Kompyuta ya kazi isimbwe fiche: BitLocker ya Windows au FileVault ya Mac iwashwe. Mazungumzo ya mishahara yafanyike mlango umefungwa. Karatasi zilizochapishwa zichanwe, zisiende kwenye takataka nzima.

5. Ombi la kubadilisha akaunti ya malipo

Ujumbe wowote unaosema “tulipe kwenye akaunti mpya” unahesabiwa kuwa wa uongo mpaka uthibitishwe kwa kupiga simu. Piga nambari iliyo kwenye faili letu tangu zamani, kamwe si ile iliyo kwenye ujumbe wenyewe. Malipo yanaidhinishwa na watu wawili. Haraka haibadilishi utaratibu huu. Mkurugenzi akiandika usiku kwamba ni dharura, mpigie. Amesaini sera hii na hatakasirika.

6. Simu ikipotea, au ukibofya usipopaswa

Piga simu kwa msimamizi wa mifumo ndani ya saa moja. Asipopokea, mpigie meneja. Nambari zao ziko kwenye kadi ya karatasi utakayopewa, uibebe pasipo kwenye simu. Usisubiri kuwa na uhakika, wala kuche. Taarifa kumi za bure hazitugharimu kitu, na simu ikipatikana chini ya kiti tutashukuru tu.

Msimamizi atafuta upande wa kazi, ataondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti zako, na mtabadilisha nywila mkianza na ya barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayofungulia nyingine. Wewe piga kwa kampuni ya simu wafunge laini. Kama ni kompyuta iliyobofya kiungo kibaya, itoe kwenye mtandao lakini usiizime na usifute chochote: ujumbe ule ndio utakaotuonyesha kilichotokea. Wateja walioguswa wataarifiwa na meneja, si na wewe peke yako.

Anayetoa taarifa ya kosa lake mwenyewe hataadhibiwa kwa kosa hilo, hata kama alikiuka sera hii kwa uzembe. Anayeficha ataitwa kwenye nidhamu. Ahadi hii inambana meneja na mkurugenzi pia, na mfanyakazi yeyote anaweza kuwaonyesha kifungu hiki.

7. Wajibu wa kampuni

Kampuni inalipia programu ya nywila, VPN, na posho ya data ya kila mwezi. Muda wa kuweka masasisho na kukagua ruta ni muda wa kazi. Hifadhi ya kampuni inachelezwa kila usiku mahali pa pili, na kila robo mwaka msimamizi atajaribu kurejesha faili moja kutoka kwenye chelezo mbele ya meneja.

8. Ukiondoka

Siku ya mwisho ya kazi, upande wa kazi utafutwa ukiwepo, simu ikiwa mikononi mwako, ili uone kwamba vyako vimebaki. Akaunti zako zitafungwa siku hiyo hiyo kabla ya saa 11 jioni.

Ombi la kuachiwa kanuni fulani hutolewa kwa maandishi kwa meneja, na ruhusa huisha baada ya siku 90. Sera inaanza kutumika kwa kila mtu siku anayoisaini. Asiyesaini ndani ya wiki mbili atafanyia kazi ofisini kwa kompyuta ya kampuni, bila kupunguziwa mshahara.