Maombi ya Likizo ya Uzazi na Mpango wa Makabidhiano

Rehema Saidi,
Mhasibu wa Malipo,
Ofisi ya Kurasini,
Dar es Salaam.

2 Machi 2026

Meneja Rasilimali Watu,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

K.K.: Mhasibu Mkuu

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA UZAZI KUANZIA 8 JUNI 2026

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaomba kuidhinishiwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, kwa mujibu wa kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nimehudhuria kliniki tarehe 25 Februari nikiwa na ujauzito wa wiki 23, na daktari amekadiria kuwa nitajifungua tarehe 24 Juni 2026. Kwa kuwa sheria inataka taarifa itolewe angalau miezi mitatu kabla, ninaiwasilisha mapema pamoja na cheti cha daktari.

Cheti hicho kinaonyesha tarehe ya makadirio, kwamba mtoto ni mmoja, na kwamba shinikizo la damu ni la kawaida, isipokuwa daktari ameshauri nisibebe vitu vizito. Kwa sababu hiyo ninaomba maboksi ya mafaili ya ghala la juu yateremshwe na mtu mwingine kuanzia sasa. Kadi ya kliniki sijaiambatisha kwa kuwa natakiwa kutembea nayo wakati wote, ila nitaileta ofisini kwako uione ikihitajika.

Ningeweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya makadirio, yaani 27 Mei, lakini nimechagua Jumatatu ya 8 Juni kwa makusudi. Kodi ya mishahara na tozo ya SDL za mwezi Mei zinapaswa kufika TRA ifikapo 7 Juni, ambayo ni Jumapili, nami ningependa kuzikamilisha mwenyewe Ijumaa ya tarehe 5 kuliko kumwachia mtu kazi iliyokatwa katikati. Siku 84 zitaisha Jumapili ya 30 Agosti. Ninaomba pia kuunganisha siku 14 nilizobakiza za likizo ya mwaka, kuanzia 31 Agosti hadi 13 Septemba, ili niripoti kazini Jumatatu ya 14 Septemba 2026. Daktari akiagiza nianze kupumzika mapema zaidi, mume wangu ataleta cheti kipya ofisini, na tarehe za kurudi zitahesabiwa upya.

Kuhusu makabidhiano, ninaomba wiki tatu, kuanzia 18 Mei hadi 5 Juni, na ninaomba zisipunguzwe. Likizo yangu ya uzazi ya mwaka 2021, nikiwa kwa mwajiri mwingine, ilitanguliwa na makabidhiano ya mdomo ya siku mbili tu. Nilipigiwa simu nikiwa bado wodini, na niliporudi nilikuta vocha za miezi mitatu hazijalinganishwa na taarifa za benki.

Ninapendekeza mhasibu msaidizi wetu, Bi. Upendo, akaimu nafasi yangu, na nimekwisha kuzungumza naye akaridhia. Wiki ya kwanza atakaa nami akiangalia. Wiki ya pili ataandaa mishahara ya Mei yeye mwenyewe nami nikiwa pembeni. Wiki ya tatu nitakuwa nikikagua tu kabla Mhasibu Mkuu hajaidhinisha. Ninaomba afunguliwe akaunti yake katika mfumo wa malipo, kwani sitamwachia nywila yangu. Eneo linalohitaji uangalizi zaidi ni masurufu ya maafisa wetu wa bandarini. Risiti za mashine wanazorudisha hufifia haraka kwa joto, hasa zikikaa mfukoni au kwenye dashibodi ya gari, hivyo lazima zitolewe nakala siku ileile, na asiyerejesha masurufu ya awali asipewe mengine hata akisema meli imeshafunga gatini. Haya yote nitayaandika katika daftari la makabidhiano, litakalosainiwa na sisi wawili pamoja na Mhasibu Mkuu.

Nikirudi, nitatumia siku tatu za kwanza kupokea kazi kutoka kwa Bi. Upendo kwa kufuata daftari hilohilo. Nitakuwa bado ninanyonyesha, na sheria inaruhusu hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kwa kuwa mtoto atakuwa nyumbani Mbagala na siwezi kwenda na kurudi mchana, ninaomba saa hizo ziunganishwe ili niwe naondoka saa 9:00 alasiri badala ya saa 11:00 jioni.

Ninaomba nijibiwe kwa maandishi kabla ya tarehe 31 Machi, ili maandalizi ya Bi. Upendo yaanze kwa wakati.

Wako katika kazi,

Rehema Saidi

Kiambatisho: Cheti cha daktari cha tarehe 25 Februari 2026