Muhtasari wa kanuni za mpango wa pensheni kwa mwanachama anayekaribia kustaafu

Mombasa, 9 Februari 2026

Bi. Zuhura,

Uliomba tukueleze kanuni za mpango wetu kwa lugha ya kawaida kabla hujaamua kama utaondoka mwisho wa Juni au utangoja kufikisha miaka 60 mwezi wa Novemba 2027. Hesabu zilizo hapa ni za tarehe 31 Desemba 2025.

Kila mwezi unakatwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na mwajiri anaongeza asilimia 10. Kwa mshahara wako wa shilingi 68,000, hiyo ni 3,400 kutoka kwako na 6,800 kutoka kwake. Juu ya hapo una mchango wa hiari wa 2,000. Makato ya NSSF ni kitu kingine, hayamo humu. Mpango huu haukuahidi kiwango fulani cha pensheni: utakachopata ni michango pamoja na faida yake. Akaunti yako ina 1,620,000 zilizotokana na michango yako, ya hiari ikiwemo, na 2,280,000 za upande wa mwajiri. Jumla ni 3,900,000.

Kuhusu haki ya fungu la mwajiri, usiwe na wasiwasi. Lilikuwa lako lote ulipotimiza mwaka mmoja wa uanachama, na wewe uko nasi tangu Machi 2003. Hata ukiachishwa kazi, halirudi kwa mwajiri.

Penye uamuzi hasa ni namna ya kuondoka. Kanuni zinaruhusu kustaafu mapema kuanzia miaka 50, kwa hiyo una njia mbili, na tofauti inaanzia kwenye barua utakayoandika.

Ukiandika kwamba unaacha kazi na kuomba kujitoa, utalipwa michango yako yote na nusu ya fungu la mwajiri, yaani 2,760,000 taslimu. Nusu iliyobaki, 1,140,000, itakaa kwenye mpango ikiendelea kupata faida hadi ufikishe miaka 60. Ukiandika kwamba unastaafu mapema, unaweza kuchukua hadi theluthi moja taslimu, 1,300,000, na zile 2,600,000 zinanunua pensheni ya kila mwezi kutoka kampuni ya bima utakayoichagua mwenyewe.

Najua ile ya kwanza inavutia, hasa kwa mwenye nyumba ambayo haijaezekwa. Lakini ukishakula 2,760,000, pensheni itakayonunuliwa na kilichobaki itakuwa ndogo mno. Watu hutaja kodi kama sababu ya kuchagua njia moja. Kwako haina uzito. Tangu 27 Desemba 2024 sheria imesamehe kodi malipo ya aliyefikia umri wa kustaafu, na pia ya aliyetimiza miaka 20 ya uanachama, nawe umeipita.

Kuondoka Juni kutakukosesha miezi 17 ya mchango wa mwajiri, shilingi 115,600 kabla ya faida. Hilo linavumilika. Lisilosemwa sana ni bima ya maisha: mfanyakazi akifariki akiwa kazini, warithi wake hupata mshahara wa miaka mitatu, kwako 2,448,000, mbali na akaunti yake. Bima hiyo inakoma siku ya mwisho ya kazi.

Sasa fomu yako ya wanufaika. Iliyoko faili ni ya 2009: nusu kwa marehemu mama yako, nusu kwa binti yako mkubwa. Mumeo hayumo, na kijana wako mdogo alikuwa bado hajazaliwa. Fedha za mpango si sehemu ya mirathi, kwa hiyo wadhamini hugawa kwa kufuata kanuni bila kungoja mahakama. Huitazama fomu kwanza, kisha huchunguza waliokuwa wakikutegemea. Uchunguzi huo unaweza kuchukua miezi na kuwagombanisha ndugu. Tafadhali jaza mpya wiki hii, hata kama hujaamua lolote kuhusu Juni.

Ukishastaafu, haki ya familia itategemea pensheni uliyonunua. Ya maisha yako pekee hulipa zaidi kwa mwezi, lakini hukoma ukifariki. Yenye dhamana ya miaka 10 huendelea kwa wanufaika mpaka muda huo uishe. Ya wawili humlipa mumeo sehemu yake maisha yake yote, na kwa hiyo huanza na kiwango cha chini. Ikishanunuliwa haibadilishwi, basi omba bei za kampuni tatu na uje nazo tuzisome pamoja.

Kama ni Juni, barua ya kustaafu mapema itufikie kabla ya 31 Machi, pamoja na nakala za kitambulisho, cheti cha PIN ya KRA na kadi ya benki. Fomu ya wanufaika nimeiambatisha. Usisahau shahidi atie sahihi ukurasa wa pili.

Karani wa Wadhamini