Taarifa ya Kutohuishwa kwa Bima ya Moto na Mali ya Kiwanda

KAMPUNI YA BIMA MKONDO
Idara ya Bima za Biashara
Barabara ya Samora, Dar es Salaam

Kumb. Na. BM/BB/MOTO/0417/2025
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Mnazi Mrefu Samani Limited,
Vingunguti, Dar es Salaam.

(Kupitia kwa dalali wenu wa bima)

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: HATI YA BIMA NA. MT/2019/0417 HAITAHUISHWA BAADA YA 31 DESEMBA 2025

Tunawaandikia kuwajulisha kwamba bima ya moto na mali ya kiwanda chenu cha Vingunguti itakapofika mwisho wa muda wake, saa sita usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2026, hatutaihuisha. Mpaka saa hiyo hakuna kinachobadilika. Jengo, mashine, malighafi na bidhaa zilizo tayari zimekingwa kwa thamani ile ile ya shilingi 1,950,000,000 na kwa masharti yale yale yaliyomo kwenye hati. Moto ukitokea kesho, au tarehe 31 Desemba jioni, mtadai kwetu kama kawaida.

Hatufuti bima yenu. Hati inamaliza muda wake wa mwaka mmoja tuliokubaliana, na sisi hatutatoa nyingine baada yake. Tofauti hiyo mtaihitaji mnapozungumza na benki au na kampuni nyingine ya bima, na ndiyo maana tunaiweka wazi hapa.

Kwa nini tumefikia uamuzi huu

Bima kubwa kama yenu hatuibebi peke yetu. Sehemu kubwa ya thamani hiyo tunaigawa kwa kampuni za bima mtawanyo, na mkataba wetu nao huanza upya kila tarehe 1 Januari. Katika mkataba wa 2026, viwanda vinavyotengeneza samani za mbao na kuhifadhi sponji za magodoro chini ya paa moja vimeondolewa. Vimeondolewa vyote, bila kujali ni cha nani au kinaendeshwaje. Tukiendelea kuwakatia bima bila mgao huo, tutakuwa tumewaahidi fidia ambayo mfuko wetu peke yake haupaswi kuahidi.

Uamuzi huu hautokani na madai yenu. Mafuriko ya Aprili 2024, maji yalipoingia stoo ya nyuma upande wa Mto Msimbazi, mliyatolea taarifa siku iyo hiyo, mkahifadhi mali iliyolowa hadi mtathmini wa hasara akafika, na dai likalipwa. Ada yenu ya bima imelipwa kwa wakati kila mwaka tangu 2019. Hatuna lalamiko lolote juu yenu, na yeyote atakayetuuliza tutamjibu hivyo hivyo.

Kuna jambo moja ambalo haki inatutaka tuliseme hata kama halikubadili uamuzi. Mkaguzi wetu alipotembelea kiwanda mwezi Julai alikuta madumu ya thina na vanishi yamepangwa ukutani mwa chumba cha kupulizia rangi, na mlango wa chumba hicho unatazama moja kwa moja marundo ya sponji. Feni ya kutoa mvuke ilikuwa imezibwa na vumbi la randa. Hata mngerekebisha hayo siku ile ile, kiwanda kingebaki kwenye kundi lililoondolewa. Lakini mkaguzi wa kampuni nyingine akija atayaona hayo hayo kabla ya kitu kingine chochote. Kuyahamisha madumu kwenye banda la peke yake nje, kusafisha feni na kufunga mlango unaozuia moto kunaweza kuwapunguzia ada, na pengine ndiko kutakakoamua kama mtakubaliwa au la. Ripoti kamili ya ukaguzi tumeiambatisha. Ni yenu, mnaweza kumpa yeyote.

Kinachoendelea

Bima za malori yenu matatu na ya bidhaa zikiwa safarini ziko kwenye hati nyingine. Haziguswi, na zitahuishwa kwa utaratibu wa kawaida muda wake ukifika. Fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini iko chini ya WCF, si chini yetu, na taarifa hii haihusiani nayo.

Duka la maonyesho la Keko ni suala tofauti kidogo. Leo limo ndani ya hati hii hii ya kiwanda, hivyo kinga yake nayo itakoma tarehe 31 Desemba. Kwa kuwa pale hakuna karakana wala stoo ya sponji, tuko tayari kulikatia hati yake lenyewe. Makadirio ya ada tutawaletea kabla ya 31 Oktoba, na hamlazimiki kuyakubali. Ikiwa kampuni mpya itapenda kuchukua kiwanda na duka kwa pamoja, huenda hilo likawa nafuu zaidi kwenu.

Madai

Dai la mashine ya kukatia mbao iliyoungua Juni mwaka huu kwa hitilafu ya umeme bado liko wazi, tukisubiri bei ya vipuri kutoka kwa fundi. Litashughulikiwa hadi mwisho, hata malipo yakiangukia mwaka ujao. Vilevile, hasara yoyote itakayotokea kabla ya saa sita usiku wa 31 Desemba ni yetu hata kama mtaigundua baadaye, ilimradi mtoe taarifa mara tu mnapoigundua kama hati inavyotaka. Msisite kutoa taarifa ya hasara kwa kudhani kwamba itawaharibia jina mnapotafuta bima mpya. Hasara iliyofichwa ikaja kugundulika huharibu zaidi.

Kutafuta bima mpya

Mna siku 110 kuanzia leo. Tumeandika mapema kwa makusudi, kwa sababu kiwanda cha aina hii hakipati bima kwa simu moja. Kampuni nyingi zitataka kutuma mkaguzi, na baadhi zitahitaji kuuliza kampuni zao za bima mtawanyo kwanza. Tunawashauri dalali wenu aanze kuomba makadirio mwezi huu na asingoje Desemba, mwezi ambao kila mtu anahuisha bima na wakaguzi hawapatikani.

Kwenye fomu ya maombi mtakutana na swali linalouliza kama kuna kampuni iliyowahi kukataa kuwakatia au kuwahuishia bima. Swali hili huwatia watu wengi hofu, na wapo wanaojibu “hapana” wakidhani wanajilinda. Tafadhali jibuni “ndiyo”. Jibu lisilo la kweli kwenye fomu linaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa dai siku mnayolihitaji. Mnaweza kuandika hivi: “Hati ya moto na mali haikuhuishwa 31 Desemba 2025 kutokana na mabadiliko ya mkataba wa bima mtawanyo wa kampuni iliyotangulia, barua imeambatishwa.” Kisha ambatisheni barua hii. Mkadiriaji mwenye uzoefu akisoma maelezo hayo ataelewa.

Historia ya madai yenu ya miaka mitano, ikionyesha kila dai, tarehe na kiasi kilicholipwa, imeambatishwa pia ikiwa na muhuri. Kampuni mpya ikitaka maelezo zaidi, dalali wenu atuandikie nasi tutamjibu ndani ya siku tano za kazi. Hatutatoa taarifa zenu kwa mtu mwingine bila idhini yenu ya maandishi.

Nafasi hii itumieni pia kupitia thamani za mali. Mashine zenu bado zimekatiwa bima kwa bei mlizozinunulia, na bei hizo zimepanda tangu wakati huo. Mali yenye thamani ya shilingi milioni 800 ikikatiwa bima ya milioni 600, hasara ya milioni 100 hulipwa milioni 75, kabla hata ya kukata ile sehemu mnayobeba wenyewe.

Tunawaomba sana msisitishe hati yetu kabla ya kuwa na mpya mkononi. Hapa nchini kinga haianzi mpaka ada ilipwe, kwa hiyo ahadi ya mdomo au makadirio yaliyosainiwa bado si bima. Mkishapokea hati mpya, ihakikini kwenye mfumo wa TIRAMIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Iwapo mtapata kinga mpya kabla ya mwisho wa mwaka na mkataka kuhama, tutawarejeshea ada ya siku zilizobaki bila makato. Kwa mfano, mkihama kuanzia 1 Desemba, siku 31 zilizobaki kati ya 365 kwenye ada yenu ya shilingi 6,825,000 kabla ya VAT ni takriban shilingi 579,650. Kwa upande mwingine, hatutaweza kuongeza muda baada ya 31 Desemba, hata kwa wiki moja, kwa sababu mgao wetu wa bima mtawanyo unaishia hapo. Tunalisema sasa ili msije mkalitegemea.

Benki

Benki yenu imeandikwa kwenye hati kama mwenye maslahi kwa sababu ya mkopo wa mashine, na masharti yanatutaka tuijulishe kuhusu jambo kama hili. Tutaiandikia tarehe 1 Oktoba, si kabla, ili mpate nafasi ya kuzungumza nayo wenyewe kwanza na kueleza mpango wenu. Mkataba wa mkopo kwa kawaida humtaka mkopaji asikae bila bima hata siku moja. Someni kipengele hicho mapema, na muulize kama benki ina masharti kuhusu kampuni ya bima inayoikubali.

Kama hamridhiki

Ikiwa mnaona tumekosea, kwa mfano kama kiwanda hakihifadhi tena sponji au mna mpango wa kuzihamishia eneo lingine kabla ya Desemba, tuandikieni kwa kumbukumbu namba iliyo juu. Badiliko la namna hiyo linaweza kukitoa kiwanda kwenye kundi lililoondolewa, na tutalipima upya kwa dhati. Tutatuma mkaguzi bila gharama kwenu, na jibu letu la maandishi litawafikia ndani ya siku kumi za kazi. Mkiona jibu letu halitoshi, mna haki ya kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kufanya hivyo hakutaathiri dai lenu lililo wazi wala hati zenu nyingine.

Ofisa anayeshughulikia hati yenu ni yule yule mliyemzoea, na namba zake ziko kwenye ukurasa wa kwanza wa hati. Tungependa pia kuja Vingunguti kukaa nanyi pamoja na dalali wenu, ikiwezekana kabla ya 30 Septemba, tupitie ripoti ya ukaguzi mbele ya chumba chenyewe cha kupulizia rangi. Tujulisheni siku inayowafaa.

Tunawashukuru kwa miaka ambayo mmetuamini na mali yenu.

Wenu katika kazi,

Meneja,
Idara ya Bima za Biashara

Viambatisho: Ripoti ya ukaguzi, Julai 2025; Historia ya madai 2020–2025; Nakala ya hati ya bima na ratiba ya mali.

Nakala: Dalali wa bima.