Muhtasari wa mada: ushahidi wa karani wa tali, bandari ya Tanga

Kwa: wakili anayeongoza upande wa mdai
Shauri: madai ya katani iliyoloa ikipelekwa melini, Aprili 2017
Shahidi: karani wa tali wa mdaiwa wakati huo. Alihojiwa Tanga kwa kamisheni, chini ya Amri ya XXVI ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33.
Nakala: kurasa 94, mistari 25 kila ukurasa. Ushahidi wa msingi 5:1–48:20, dodoso letu 49:1–83:11, ufafanuzi 83:12–94:6.

Rejea 31:8–19 ni ukurasa wa 31, mstari wa 8 hadi wa 19. Maneno ndani ya alama za kunukuu ni ya shahidi mwenyewe, mengine nimeyafupisha. Kiapo na utambulisho (1:1–4:25) nimeviacha.

KAZI YAKE NA ALIPOSIMAMA
Miaka tisa kwenye tali (5:6–14). Alihesabu gatini asubuhi, kisha akapanda tishari la pili hadi nangani (8:2–9:14). Tishari la kwanza hakulipanda kabisa (50:17–51:3), kwa hiyo yote anayolisema ni ya kusikia. Anakiri: "niliambiwa na sarenji" (51:4–6).

HESABU
Gatini marobota 640 ya kilo 250, yaani tani 160, nusu kila tishari (11:1–12:9). Idadi melini haina mgogoro (26:20–22).
Mgogoro ni yaliyoloa. Karatasi ya tali, kielelezo D2, inasema 68 (27:9–15). Stakabadhi ya ofisa wa meli, D3, inasema 86 (29:3–8). Kwanza anadai idadi "iliongezwa baadaye" (29:10). Kwenye dodoso anakubali kwamba ofisa alihesabu mbele yake na hakupinga (58:4–59:2), na kwamba D2 aliiandika usiku, ofisini (59:11–18). Tofauti ni marobota 18, tani 4.5. Yote yaliyoloa yalitoka tishari la pili (60:1–5).

TURUBAI
Mawili, yamefungwa kabla ya kuondoka (14:6–15:2). Moja lilikuwa na tundu "la ngumi" (62:20–23). Ni jambo dogo kwetu. Linaisaidia hoja ya mvua kuliko ya bahari.

MAJI YALITOKA WAPI
Hapa ndipo penye kesi, na majibu yake ni matatu. Yasomwe pamoja, ukinukuu moja peke yake utajibiwa kwa jingine.
(a) Msingi: mvua ya masika iliyowapata njiani, "hakuna kingine" (33:5–12).
(b) Dodoso: yaliyoloa yalikuwa safu ya chini, ya juu makavu (66:8–67:1). Alipoulizwa mvua ingepitaje juu bila kuyalowesha, alinyamaza, kisha: "labda maji yalikuwemo chini" (67:2–9). Pampu ya tishari haikuwashwa hadi walipofika melini (68:14–21).
(c) Ufafanuzi: anarudi kwenye mvua, ila sasa anasema maji yalichuruzika pembeni mwa turubai hadi chini (86:3–15). Hili halimo popote katika ushahidi wa msingi.
Aliona mkaguzi akidondosha dawa kwenye maji yaliyokamuliwa katika robota, "yakageuka meupe kama maziwa" (70:6–13). Ni jaribio la nitrati ya fedha, la kutambua chumvi. Shahidi si mkemia: atumike kuthibitisha alichokiona tu. Maana ya weupe huo ithibitishwe na mkaguzi kupitia ripoti yake, kielelezo P4. Tahadhari: katika 71:1–4 anasema hajui chombo cha kukamulia kilioshwa kwa maji gani. Wapinzani watalishika hilo.

MATENGENEZO
Bamba la chini lilichomelewa "mwezi uliopita" (74:2–7). Hakuona hati ya ukaguzi baada ya kazi hiyo (74:8–10). Hajui fundi ni nani (74:11).

PINGAMIZI ZISIZOAMULIWA
66:22 (swali la kumwongoza shahidi; liliulizwa kwenye dodoso, kwa hiyo ni dhaifu); 70:14 (maoni ya kitaalamu, hili ni zito); 74:5 (ya kusikia). Zote tatu ziko ndani ya vifungu tunavyovihitaji.

KASORO ZA NAKALA
68:17 inasomeka pampu ilikaa "dakika sita" kabla ya kuwashwa, ilhali 69:2 inasema "sitini". Jibu la 69:2 linaendana na muda wa safari aliouelezea katika 9:10. Sauti iliyorekodiwa isikilizwe na marekebisho yaombwe kwa kamishna kabla mstari wowote wa 68:14–69:5 haujaingia kwenye hoja za maandishi.