Safari ya Damu Ndani ya Moyo: Maelezo ya Mchoro wa 2
Uuguzi, Mwaka wa Kwanza: Anatomia na Fiziolojia

Weka mchoro mbele yako, penseli mkononi. Kabla ya kugusa namba yoyote, andika "kulia kwa mgonjwa" pembeni mwa karatasi, upande wa mkono wako wa kushoto. Moyo umechorwa kana kwamba mgonjwa anakutazama, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Makosa mengi ya mtihani huanzia hapa, wala si kwenye majina magumu. Na ile bluu ni rangi ya mchoraji tu: damu yenye oksijeni kidogo ni nyekundu iliyokolea.

Damu inarudi kutoka mwilini kwa veni mbili kubwa. Veni kava ya juu (1) inaleta ya kichwa, mikono na kifua. Veni kava ya chini (2) inaleta ya tumbo na miguu. Zote zinamwaga kwenye atiria ya kulia (3). Hapohapo kuna tundu dogo ambalo wengi hulisahau, sinasi ya koronari (4), linalorudisha sehemu kubwa ya damu iliyolisha misuli ya moyo wenyewe.

Kutoka 3, shusha penseli hadi vali ya trikaspidi (5). Simama hapo kidogo. Vali ni mlango wa upande mmoja, na huu una vipande vitatu. Tazama nyuzi nyembamba zinazotoka kwenye kingo zake hadi kwenye vinundu vya misuli vilivyo ndani ya ventrikali, yaani misuli ya papilari. Mwanafunzi akiziona husema zinavuta vali ifunguke. Sivyo. Vali hufunguliwa na kufungwa na presha ya damu yenyewe. Kazi ya nyuzi ni kuzuia vipande visipinduke kuingia atiria pale ventrikali inapojikaza.

Ventrikali ya kulia (6) ikijikaza, vali 5 inafungwa na damu inapanda kupita vali ya ateri ya mapafu (7) hadi kwenye shina la ateri ya mapafu (8), ambalo hugawanyika matawi mawili, moja kwa kila pafu. Utashangaa kuona ateri iliyopakwa bluu. Usishangae: ateri hutoa damu moyoni, veni hurudisha. Rangi haihusiki.

Kwenye mapafu damu inaacha kaboni dayoksaidi na kuchukua oksijeni. Hilo tutalisoma kwenye mfumo wa upumuaji. Inarudi kwa veni za mapafu (9), ambazo kwa kawaida ni nne, mbili kila upande, na kuingia atiria ya kushoto (10). Chemba hii iko nyuma ya moyo, ndiyo maana kwenye mchoro wa mbele inaonekana kipande tu.

Kisha vali ya mitrali (11), yenye vipande viwili na nyuzi kama za 5. Ikumbuke vizuri, maana wodini mtakutana nayo: homa ya baridi yabisi ikiathiri moyo, vali inayoumia zaidi ni hii.

Sasa pima kwa jicho ukuta wa ventrikali ya kushoto (12), halafu ule wa 6. Wa kushoto ni mnene karibu mara tatu. Si kwamba unasukuma damu nyingi zaidi. Kwa mtu mzima aliyetulia kila upande hutoa takriban mililita 70 kwa pigo moja. Tofauti ni presha. Ventrikali ya kulia hufika kama milimita 25 za zebaki, inatosha kwa mapafu yaliyo jirani. Ya kushoto hufika kama 120, kwa sababu damu yake inazunguka mwili mzima. Inapita vali ya aota (13) na kuingia aota (14). Mara tu baada ya vali hiyo kuna vitundu viwili (15): hapo ndipo ateri za koronari zinapoanzia.

Tumefuata njia hatua kwa hatua, lakini moyo hausubiri zamu. Atiria zote mbili hujikaza pamoja, kisha ventrikali zote mbili. Ukiweka stethoskopu, sauti ya kwanza ni 5 na 11 kufungwa. Ya pili ni 7 na 13.

Zoezi, kwa mchoro usio na majina ulio ukurasa wa nyuma:

1. Chora mshale mmoja usiokatika kutoka 2 hadi 14, ukitaja kila vali unapoipita.
2. Vali 11 haifungi sawasawa. Ventrikali ya kushoto inapojikaza, sehemu ya damu itarudi wapi? Ikizidi, ni kiungo gani kitakachoanza kujaa maji, na kwa nini?
3. Kwa nini mgonjwa mwenye udhaifu wa ventrikali ya kulia huvimba miguu?

Kusanyeni Alhamisi kabla ya kipindi cha maabara. Swali la 2 nataka maelezo, si jina la kiungo peke yake.