Hotuba ya Siku ya Usafi wa Mtaa: Panya na Mbu Tunawalisha Wenyewe

Wazee wetu, mama zangu, ndugu na vijana, nanyi watoto mliofika kabla hata ya machepe: habari za asubuhi. Asanteni kwa kuamka mapema. Jua halitatusubiri, kwa hiyo nitasema yale tu yanayohusu kazi iliyo mbele yetu, kisha tuingie mtaroni.

Kila mvua zinapokaribia, kamati yetu ya afya hupokea maombi mawili: tuleteeni dawa ya kupuliza mbu, na tuleteeni sumu ya panya. Sijawahi kuona mtu akija kuomba chepe. Nawaelewa. Dawa ikipulizwa leo, usiku unalala vizuri, na panya akifa unamwona kwa macho. Lakini wiki mbili baadaye tunarudi pale pale, maana mbu na panya wanahitaji chakula, maji na mahali pa kukaa, na vyote vitatu tunawapa sisi.

Tazameni mtaro huu hapa nyuma yangu. Umejengwa kwa mteremko ili maji yapite. Maji yanayokwenda kasi si mazuri kwa mbu: viluwiluwi huja juu ya maji kuvuta hewa, na mkondo ukiwa na nguvu unawasomba. Sasa mfuko mmoja wa plastiki unanasa mdomoni mwa kalavati. Mchanga unajikusanya nyuma yake. Juu ya mchanga zinakwama chupa, majani, nepi za watoto (samahanini, lakini zipo, nimeziona jana tulipokagua), na mwisho mabaki ya chakula ambayo mtu amemwaga usiku akidhani haonekani. Mtaro umekwisha kuwa bwawa. Hata mvua isiponyesha, maji ya kufulia na kuoshea vyombo yanaujaza kila siku.

Mbu anayependa maji ya namna hii ni Kuleksi. Yeye hataki maji safi. Anataka mtaro uliooza, chemba iliyopasuka, shimo la choo lisilofunikwa. Jike mmoja hutaga mayai mia moja na zaidi kwa mkupuo, yakiwa yameshikana na kuelea. Huyu ndiye anayetunyima usingizi, na ndiye pia anayeweza kusambaza vimelea vya matende na mabusha mahali vilipo. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mbu wa mtaroni ni kero tu.

Hata hivyo, mtaro huu tunaweza kuuzibua wote leo na bado tukaumwa, kwa sababu mbu wengine wanazaliwa uani kwetu. Edesi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana, anataka maji yaliyotulia kwenye kitu kidogo: tairi la zamani, kopo, sahani ya chini ya chungu cha maua, turubai lililobonyea, pipa lisilo na mfuniko. Hata kifuniko cha chupa kikijaa maji kinamtosha. Huyu hueneza homa ya dengi, chikungunya na homa ya manjano. Hapa naomba tusikilizane vizuri. Mayai yake hayaelei. Anayabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yapande. Ukimwaga maji ya pipa ukalijaza tena, hujafanya kitu; umewapa mayai maji waliyokuwa wakiyangoja. Lazima usugue kuta za ndani kwa brashi ngumu, kisha ulifunike pipa barabara.

Wa tatu ni Anofelesi, wa malaria. Kwa kawaida anapenda maji yasiyo na uchafu mwingi yanayopigwa na jua: madimbwi ya barabarani, alama za matairi kwenye udongo, mashimo ya matofali yaliyoachwa wazi. Ronald Ross, daktari aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba mbu hubeba vimelea vya malaria, hakuishia kwenye darubini. Alihimiza kuundwa kwa vikosi vya kufukia madimbwi na kuokota makopo. Kwa hiyo vijana mkiona aibu kubeba toroli, jueni kazi hii aliipigania mtu aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1902.

Kwenye joto, yai la mbu huchukua kama siku saba hadi kumi na nne kuwa mbu anayeruka. Ndiyo maana tunasisitiza kila wiki. Ukimwaga na kusugua kila Jumamosi, viluwiluwi wanakufa kabla hawajaota mabawa. Ukifanya mara moja kwa mwezi, unawasumbua tu. Nayo dawa ya kupuliza huua mbu walio hewani saa ile. Walio majini hawana habari.

Tuje kwa panya, maana naona huko nyuma mmeanza kunong'ona.

Panya mkubwa wa mitaroni, mwenye mkia mfupi kuliko mwili wake, ni mchimbaji. Anahitaji maji karibu kila siku, na chakula cha kama gramu 30 tu kwa siku kinamtosha. Gramu 30 ni kile kinachobaki kwenye sufuria moja ambayo hatukuikwangua. Mtaro uliojaa taka unampa vyote: anakunywa hapo, anakula hapo, na shimo lake analichimba ukingoni. Akichimba, udongo unamomonyoka na kuangukia mtaroni, ukingo unalegea, mtaro unaziba zaidi, maji yanasimama zaidi. Hapo panya na mbu wanasaidiana bila kujuana.

Jike hubeba mimba kwa wiki tatu hivi, huzaa watoto sita hadi kumi na wawili, na watoto hao wenyewe huanza kuzaa wakiwa na miezi miwili au mitatu. Sasa linganisheni na sumu tunayoweka mara moja. Panya pia huogopa kitu kigeni. Chambo kipya anaweza kukizunguka siku kadhaa bila kukigusa, hasa akiwa na jalala limejaa kando yake. Wachache wanakufa, waliobaki wanapata chakula zaidi, wanazaana upya. Watafiti waliochunguza panya wa jiji la Baltimore, Marekani, miaka ya 1940, waliliona hilo: kuua peke yake hakukushikilia idadi chini, bali kupunguza chakula na maficho. Na sumu hiyo inaweza kuokotwa na mtoto, paka au kuku. Mimi sisemi isitumike kamwe. Nasema iwe ya mwisho, kwenye kisanduku kilichofungwa, baada ya taka kuondoka.

Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya homa ya mgunda, ambayo wataalamu huiita leptospirosisi. Vinaweza kuishi kwenye maji na tope kwa wiki kadhaa, na huingia mwilini kupitia mchubuko, macho au mdomo. Tope tunalokwenda kulichota ndilo hilo. Basi sharti la leo: hakuna atakayeshuka mtaroni miguu mitupu wala na ndala. Buti na glavu ziko kwenye gari. Mwenye kidonda akifunge, na kama ni kikubwa abaki juu na reki. Watoto hawashuki kabisa. Sindano au wembe ukiuona, usiuokote kwa mkono. Mwite msimamizi mwenye koleo la kushikia na galoni. Panya aliyekufa haguswi kwa mkono mtupu. Kinyesi cha panya stoo au kabatini kisifagiliwe kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi lake linavutwa puani. Kilowesheni kwanza kwa maji yenye klorini, subirini, kisha mfute. Na mtu akipata homa kali, kichwa na misuli ikimuuma, hasa ya miguu, siku au wiki zijazo, aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba alifanya kazi mtaroni.

Sasa jinsi ya kuchota. Tunaanza chini, kule maji yanakoelekea, tunapanda juu. Tukianzia juu, maji yote tuliyoyafungulia yatakwama mbele yetu na tutafanya kazi tumesimama ndani yake. La pili, na hili ndilo lililotuangusha miaka iliyopita: tope halilali ukingoni. Kila safari tunachota vizuri, tunalilundika kando, tunapiga picha, tunaondoka. Mvua ya kwanza inalirudisha lote. Leo toroli zinafuata machepe, na tope linapelekwa kwenye gari kabla hatujaondoka. Ni afadhali tumalize nusu ya mtaro na tope liwe limeondoka, kuliko mtaro wote na malundo yabaki.

Mashimo ya panya yakionekana, yawekewe alama kwanza. Mafundi watapita nyuma yetu kuyajaza mawe na zege. Udongo mtupu panya wataufukua usiku uleule. Nyumbani kwako, upenyo unaotosha kupita kidole gumba unaweza kumtosha panya mchanga. Uzibe kwa simenti iliyochanganywa na nyavu za chuma. Mbao anaitafuna, maana meno yake hayaachi kukua.

Na wenye biashara za chakula mliopo hapa, nawashukuru kwa kuja, lakini nanyi nawasema. Mafuta yaliyotumika yakimwagwa mtaroni yanaganda na kushika taka nyingine. Yawekeni kwenye galoni. Taka za chakula ziwe kwenye pipa lenye mfuniko unaofunga, si kiroba kilichoegeshwa ukutani usiku kucha, maana huo ndio wakati panya yuko kazini.

Tumegawanyika hivi. Wenye buti wataanzia kalavati la chini. Kina mama na wazee mliojitolea kwenda nyumba kwa nyumba, chukueni brashi na tochi. Mkague mapipa, matairi na mifereji ya paa, na msimwage maji ya mtu kabla hamjamwita mwenye nyumba aone viluwiluwi kwa macho yake. Vijana wa toroli kaeni karibu na gari. Watoto mtaokota makopo na vifuniko kwenye uwanja wa juu, pamoja na walimu wenu.

Saa tano tunapumzika na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya mtu yeyote kula. Jumamosi ijayo saa moja asubuhi tunarudi kukagua mapipa yaleyale, na nitaanza na la kwangu. Wenye buti, nifuateni.